UZI: Kabati la vitabu la babu, Mji wa Kale. Nina picha tu. Ni vitabu vingapi, na maboksi yatakuwa kilo ngapi?

Binti_Kuze

Assalaam aleikum wenzangu. Naomba msaada wa hesabu.

Babu yetu, Mola amrehemu, ameacha kabati la vitabu orofa ya tatu, nyumba ya Mji wa Kale. Familia imekubaliana vitabu viende kwa madrasa moja ng'ambo ya Likoni. Mimi niko Nairobi kikazi. Nitashuka Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi vinatakiwa vitoke. Aliyebaki nyumbani ni ami yangu, na mgongo unamsumbua, kwa hivyo siwezi kumwambia avishushe avihesabu kimoja kimoja. Alichoweza ni kunipigia picha moja na kunitumia kwa simu.

Kwenye picha kabati lina rafu tano. Ya juu imejaa vitabu vikubwa vya Kiarabu vya jalada gumu, migongo ina maandishi ya dhahabu. Ya pili ni vivyo hivyo lakini mwishoni kuna nafasi ya kama kiganja. Ya tatu ni jalada laini: riwaya, mashairi, vitabu vya shule vya baba yangu. Ya nne ni vijitabu vyembamba vilivyobanwa pamoja, migongo haisomeki. Ya chini ni mafaili na vitabu vipana.

Nataka mambo mawili. Madrasa wameomba idadi ili watayarishe nafasi. Na mimi nataka uzito, nijue niite tuktuk, mkokoteni au pikapu, na nitafute maboksi mangapi kabla sijafika. Nimejaribu kuhesabu kwa jicho, rafu ya nne ikanishinda.

---

Nahodha_Tudor

Waleikum salaam. Poleni kwa msiba.

Hesabu hii nyepesi. Chagua rafu moja inayoonekana vizuri, hesabu vitabu vyake, zidisha kwa tano. Tuseme rafu ya pili ina vitabu 30. Jumla 150. Kitabu cha kawaida ni nusu kilo, kwa hivyo ni kilo 75. Maboksi manne makubwa, tuktuk moja, kazi imekwisha.

---

Fundi_Jalada

Nahodha, njia yako ya kuchukua sehemu na kuzidisha ni nzuri, lakini rafu zenyewe hazifanani. Rafu ya nne ya huyu binti inaweza kuwa na vitabu mara sita ya rafu ya kwanza, na bado ikawa nyepesi kuliko hiyo ya kwanza. Ukitumia "kitabu kimoja nusu kilo", kosa la idadi linakuwa kosa la uzito pia.

Mimi nimekaa kwenye kiwanda cha uchapaji miaka mingi, nakata karatasi na kushona vitabu. Nikuelezeni tunavyofikiri sisi. Kwa uzito, usihesabu vitabu. Hesabu sentimita.

Chukua rimu ya karatasi za A4 za gramu 80, hizi za fotokopi. Gramu 80 ni uzito wa mita moja ya mraba, na A4 kumi na sita ndizo zinazotimiza mita hiyo. Kwa hivyo kila karatasi ni gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Unene wake ni kama sentimita 5. Sasa zipange rimu ishirini kwenye rafu kama vitabu: zitajaza mita moja, na zitakuwa kilo 50. Hiyo ndiyo mita ya vitabu vya ukubwa wa A4. Kitabu cha A5 ni nusu ya hapo, basi mita yake ni kilo 25. Vile vitabu vya Kiarabu vya jalada gumu, vingi vinachapwa kwa sentimita 17 kwa 24, mita yake inakuja kama kilo 33.

Ona sasa: iwe mita hiyo ina vitabu vinene 25 au vijitabu 250, karatasi ni ile ile na uzito hauendi mbali. Idadi na uzito ni maswali mawili, kila moja lina njia yake.

Binti, nipe urefu wa rafu moja kwa sentimita tuanzie hapo.

---

Kijana_wa_Bamburi

Dadangu tafadhali usiviuze kwa kilo! Vitabu vya wazee vya Kiarabu ni hazina, watu wa karatasi kuukuu watakupunja. Tafuta mtu wa vitabu kwanza avitazame.

---

Binti_Kuze

Kakangu, siuzi hata kimoja. Vinakwenda madrasa kama alivyopenda mwenyewe. Kilo ni za kubebea tu.

Fundi, ahsante sana. Urefu wa rafu siujui, na ami hana futi nyumbani. Nitapimaje kutoka kwenye picha?

---

Nahodha_Tudor

Tafuta kitu unachojua kipimo chake. Pembeni ya kabati bila shaka kuna swichi ya ukutani. Kibao cha swichi moja hapa kwetu ni milimita 86 kila upande, mimi nimezifunga nyingi. Pima swichi kwenye picha, pima rafu, gawanya.

---

Fundi_Jalada

Kipimo cha swichi ni sahihi kabisa, lakini angalia swichi iko wapi. Iko ukutani, nyuma ya kabati. Vitabu viko mbele yake. Kitu kilicho mbali na kamera kinaonekana kidogo, kwa hivyo ukipima vitabu kwa swichi utavikuza. Tuseme ami alisimama mita 2 kutoka kwenye migongo ya vitabu, na ukuta uko sentimita 35 nyuma yake. Rafu ya sentimita 90 utaisoma kama 105. Kwenye kabati zima unakuwa umeongeza kama robo tatu ya mita ya vitabu ambavyo havipo.

Kipimo lazima kiwe kwenye mstari mmoja na migongo yenyewe. Kizuri zaidi ni kitabu kilichomo rafuni ambacho una nakala yake mkononi.

---

Binti_Kuze

Fundi, ninacho. Nilipomaliza chuo babu alinipa juzuu ya sita kutoka kwenye seti yake moja ya rafu ya juu. Ninayo hapa Nairobi. Kwenye picha, baina ya juzuu ya tano na ya saba, naona ameweka kipande cha ubao mahali pake ili zisilale. Sikuwa najua kama alifanya hivyo.

Nimepima yangu: kimo sentimita 24. Nimefungua picha kwenye kompyuta nikapima na rula juu ya kioo bila kubadilisha ukubwa. Zile ndugu zake zina kimo cha milimita 60. Upana wa rafu hiyo kwenye kioo ni milimita 225.

---

Fundi_Jalada

Mola amrehemu babu yako.

Basi tumepata. Sentimita 24 zimekuwa milimita 60, maana yake milimita 1 ya kioo ni milimita 4 za kweli. Rafu ya milimita 225 ni sentimita 90.

Lakini kipimo hicho usikishushe hadi rafu ya chini. Ami alipiga picha akiwa amesimama, kwa hivyo rafu ya chini iko mbali zaidi na kamera, nayo itaonekana fupi. Pima upana wake kwenye kioo. Kabati ni la mstatili, ubao wa chini una sentimita 90 kama wa juu, basi kila rafu ijipatie kipimo chake kutokana na upana wake yenyewe.

---

Binti_Kuze

Kweli, ya chini ni milimita 200 tu. Kwa hiyo huko milimita 1 ni milimita 4 na nusu.

Nimepata hivi. Ya kwanza imejaa, sentimita 90, juzuu 24. Ya pili vitabu vinachukua sentimita 80, nimehesabu 28. Ya tatu imejaa lakini imebanana na kivuli kinaficha. Ya nne vijitabu sentimita 70. Ya tano sentimita 85.

---

Fundi_Jalada

Rafu ya tatu usiihesabu yote. Pima vipande vitatu vya sentimita 20, kimoja kushoto, kimoja kati, kimoja kulia, uhesabu ndani ya hivyo tu. Usichague mahali panapoonekana vizuri, maana panapoonekana vizuri ndipo penye vitabu vinene vyenye migongo mipana. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea idadi.

---

Binti_Kuze

Kushoto 9, kati 17, kulia 14.

---

Fundi_Jalada

Jumla 40 kwa sentimita 60. Basi sentimita 90 zina kama 60. Na ona tofauti ya 9 na 17: ungehesabu kushoto peke yake ungesema 40, ungehesabu kati ungesema 76.

Rafu ya nne ni ngumu. Kijitabu cha kurasa 48 ni karatasi 24, na karatasi kumi za gramu 80 ni kama milimita 1. Ongeza jalada, ni milimita 3 hivi. Vingine vitafika milimita 5. Sentimita 70 zinaweza kubeba vijitabu 140 au 230. Sithubutu kukupa nambari moja. Waambie madrasa hivyo hivyo, "baina ya".

Uzito sasa. Ya kwanza, sentimita 90 kwa kilo 33 za mita, ni kilo 30. Ya pili ni 26. Ya tatu kwa A5 ingekuwa 22, lakini riwaya nyingi zina karatasi nyepesi yenye kuvimba, niweke 20. Ya nne ingekuwa 17, ila vijitabu vilivyopigwa pini vina hewa upande wa mkunjo, niweke 14. Ya tano, kama yote ni A4 iliyojaa, ni 42. Mafaili huwa na nafasi, niweke 38. Jumla kilo 128.

Kitu kimoja ambacho picha haikuonyeshi ni upana wa kitabu, yaani kutoka mgongoni hadi ukingo wa kurasa. Unaona unene na kimo tu. Tunakisia kwamba upana ni sehemu saba za kumi za kimo, na kwa vitabu vingi ni kweli. Vitabu vya watoto na vya picha vyenye umbo la mraba vinavunja kanuni hiyo.

---

Seremala_Majengo

Samahanini, nimesoma uzi wote na kuna jambo hamjaligusa. Kabati lina kina gani?

Nauliza kwa sababu makabati ya vitabu niliyoyatengeneza nyumba za huko mengi ni sentimita 30 hadi 35 kwenda ndani. Na binti amesema picha inaonyesha kivuli rafu ya tatu. Je, migongo ya vitabu iko ukingoni kabisa mwa ubao, au imeingia ndani?

---

Binti_Kuze

Iko ukingoni kabisa. Mingine imetokeza kidogo.

---

Seremala_Majengo

Basi mwulize ami aingize mkono nyuma. Kitabu cha A5 kina upana wa sentimita 15. Ukikiweka kwenye ubao wa 35 kikiwa huru, kitasukumwa ndani na mikono kila siku mpaka kiguse ukuta. Kikibaki ukingoni miaka yote, kuna kitu nyuma yake kinachokizuia, na mara nyingi ni safu ya pili ya vitabu.

Rafu ya chini siiogopi, kwa sababu A4 mbili zinahitaji sentimita 42, haziingii. Zile nne za juu zote zinawezekana, hata za sentimita 17 zinaingia mbili kwa shida.

Na mkifika Jumamosi, anzeni kutoa juu mkishuka chini. Mkitoa rafu ya chini kwanza, uzito wote unabaki kichwani, na kabati kuukuu ambalo halikupigwa msumari ukutani linaweza kuwaangukia.

---

Binti_Kuze

Subhanallah. Ami ameingiza mkono. Rafu ya kwanza na ya pili nyuma ni tupu, kuna vipande vya mbao tu vya kuzuia. Ya nne tupu. Ya tatu kuna safu nzima nyuma, "mpaka karibu na mwisho". Nimekisia sentimita 70.

---

Fundi_Jalada

Seremala, Mungu akuzidishie. Hilo mimi sikuliona.

Ongeza vitabu kama 45 na kilo 16. Tumefika kilo 144.

---

Mama_Swafiya

Mimi nisikilizeni kuhusu maboksi, maana yalinikuta.

Tulipohama Ganjoni kwenda Mtongwe nilichukua boksi moja kubwa la bidhaa za duka, urefu wa kama mkono mzima, nikalijaza vitabu vya wanangu vyote. Nikafurahi vimeingia. Vijana wawili walilishusha vizuri, likapita barabarani, likaingia ferini. Ilipofika ile teremko ya kutokea ng'ambo, watu wanasukumana, kijana akalikamata tena chini, kitako kikaachia. Vitabu vilitawanyika kwenye maji ya chumvi yaliyotuama pale. Msahafu wa mama ulikuwa humo. Sikuwahi kulia kwa ajili ya boksi kabla ya siku ile.

Msahafu usiuchanganye, mwanangu. Uwe na kifurushi chake, juu ya vyote, na aushike mtu mkononi.

---

Fundi_Jalada

Pole sana mama. Na boksi lako linaelezeka. Tuseme lilikuwa sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Hiyo ni lita 96. Boksi lililojaa vitabu, ukitoa nafasi za hewa, linakuja kama kilo 0.6 kwa kila lita, kwa hivyo ulikuwa na karibu kilo 58. Boksi la duka halikutengenezwa kwa hayo, na kitako chake kimeshikwa na utepe tu.

Binti, tafuta maboksi ya karatasi za fotokopi, yale yanayobeba rimu tano. Yametengenezwa kubeba kilo 12 na nusu za karatasi, na vitabu ni karatasi. Ofisi na maduka ya fotokopi huyatupa kila wiki. Ndani yana kama sentimita 30 kwa 22, kimo 26. Vitabu viwili vya A5 vikilala ubavu kwa ubavu vinatimiza A4 moja, kwa hivyo vinajaza kitako bila pengo. Boksi moja linameza sentimita 52 za rafu ya tatu, kilo 13. Zile za 17 kwa 24 zisimamishe wima, zinaingia sentimita 30, kama kilo 10, na pembeni patabaki pengo la kuziba kwa khanga au magazeti.

Kitabu ukikisimamisha, kisimame kama kilivyokuwa rafuni, au kilale. Usikiweke mgongo juu na kurasa chini. Kurasa zitaning'inia kwenye gundi na jalada litaachana na mwili wake. Nimeletewa vingi kushona kwa sababu hiyo.

Kwa hesabu yangu: matatu, matatu, manne, mawili, manne. Maboksi 16. Kila moja mtu mmoja anateremka nalo ngazini.

---

Hamali_Marikiti

Nimefanya kazi ya kubeba miaka kumi na minne. Kilo 12 kwa boksi ni kidogo, sisi twabeba gunia zaidi ya hilo mara tano. Kwa nini usitie kwenye magunia, safari zikawa chache? Ngazi za Mji wa Kale ni nyembamba na zina mwinuko, kila safari ni kupanda tena.

---

Fundi_Jalada

Ndugu yangu, nguvu zenu nazijua. Shida si mgongo wako, ni kitabu. Mchele ndani ya gunia unajipanga wenyewe, kitabu hakipindi. Pembe zinavunjika na jalada gumu linakata kurasa za jirani yake. Na ukipenda beba maboksi mawili kwa safari, ni kilo 24, na bado mkono mmoja unashika ukuta.

---

Hamali_Marikiti

Sawa, mawili mawili nakubali. Basi ni safari nane. Na sahau pikapu, haingii vichochoro vile. Mkokoteni ufike mlangoni, upakie maboksi yote 16, uende nao mpaka feri na uvuke nao. Kilo 150 kwa mkokoteni si kitu.

---

Nahodha_Tudor

Na tuktuk? Abiria watatu watu wazima ni zaidi ya kilo 200. Uzito inaubeba.

---

Hamali_Marikiti

Uzito inaubeba, maboksi 16 yatakaa wapi? Kiti cha nyuma hakitoshi bila kuyapandanisha mpaka yamguse dereva kichwani. Na bado lazima mtu ayatoe kichochoroni hadi ilipo tuktuk. Utapakia mara mbili.

---

Binti_Kuze (Jumapili)

Nimerudi kuwapa majibu, maana mmenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Tulikuwa na maboksi 16 ya fotokopi, ami aliyapata duka la jirani. Nilitaka kujua ukweli, kwa hivyo kila rafu niliifunga peke yake, na muuza viazi wa chini akatuazima mizani. Nimeondoa uzito wa maboksi matupu, ambayo yote pamoja ni kama kilo 6.

Rafu ya kwanza: tulikisia 30, ikawa 31. Ya pili tulikisia 26, ikawa 30. Ya tatu pamoja na safu ya nyuma tulikisia 36, ikawa 34. Ya nne tulikisia 14, ikawa 16. Ya tano tulikisia 38, ikawa 29. Jumla 140, na hesabu ilisema 144.

Idadi ndiyo iliyoniacha mdomo wazi. Rafu ya tatu zilikuwa 109 badala ya 105. Lakini vijitabu vya rafu ya nne vilikuwa 261, zaidi hata ya 230. Vingi ni vya kurasa 16 tu, na babu alivibana kwa uzi wa katani.

Msahafu mama aliushika mwenyewe mpaka ng'ambo.

---

Fundi_Jalada

Alhamdulillahi vimefika salama.

Ila tusijisifu kwa 140 na 144. Tazama rafu ya pili na ya tano. Moja tulipunguza kilo 4, nyingine tulizidisha kilo 9. Makosa yamekutana yakafutana. Kama makosa yote yangekwenda upande mmoja tungekuwa nje kwa kilo 20 hivi. Nikikisia tena nitasema 144, toa au ongeza 20, na nitatafuta maboksi ya ziada mawili.

Rafu ya pili, je, kuna vitabu vyenye karatasi inayong'aa?

---

Binti_Kuze

Vipo vitano, vya picha na ramani. Vizito sana mkononi.

---

Fundi_Jalada

Ndiyo hiyo. Karatasi ya kung'aa imepakwa madini, kwa unene ule ule inazidi ya kawaida karibu nusu ya uzito wake. Kwa picha hutaijua, labda mgongo ukiwa na rangi nyingi za picha.

---

Seremala_Majengo

Na unyevu wa Mombasa je? Mimi mbao zangu zikikaa karibu na bahari zinavimba na kuwa nzito. Naona hizo kilo 4 ni hewa ya bahari.

---

Fundi_Jalada

Karatasi inanywa unyevu, hilo kweli. Lakini kutoka hewa kavu mpaka hewa ya kwetu ni asilimia tatu au nne ya uzito. Kwa rafu ya pili haifiki hata kilo moja na nusu.

---

Seremala_Majengo

Hata hivyo rafu ya kwanza na ya nne nazo zilizidi. Bado nashuku.

---

Mwalimu_Kisauni

Mimi nimewahi kusimamia maktaba ya shule. Binti, umewaambia madrasa idadi gani? Maana kwa kanuni ya UNESCO ya mwaka 1964, kitabu ni chenye kurasa 49 na kuendelea bila kuhesabu jalada. Chini ya hapo ni kijitabu, kinahesabiwa peke yake. Kwa kanuni hiyo hivyo 261 huenda visiingie kwenye idadi ya vitabu kabisa.

---

Binti_Kuze

Mwalimu, nimewapa nambari zote mbili. Lakini kuna jambo limetutatiza. Rafu ya kwanza kuna majalada matatu ambayo ndani yake vimeshonwa vitabu vidogo vinne au vitano kila moja, kila kimoja na mwandishi wake. Ustadhi wa madrasa anasema ni vitabu vitatu, kwa kuwa anahesabu majalada yanayokaa rafuni. Ami anasema ni kumi na tatu, kwa kuwa babu alivisoma kimoja kimoja.

---

Mwalimu_Kisauni

Kwa nafasi ya rafu, ustadhi yuko sawa. Kwenye daftari la maktaba ningeandika kumi na tatu, na mbele ya kila kimoja niandike kiko ndani ya jalada gani, ili mwanafunzi akikitafuta akipate.

---

Binti_Kuze

Nitampelekea ustadhi ushauri huo. Na juzuu ya sita nitakuja nayo safari ijayo. Kile kipande cha ubao wamekiweka tena mahali pake, baina ya tano na saba.